Kichwa cha mtoto kinapotoa unga: mapunye, mba au soriasisi, na shampuu ipi ununue

Mtoto wa darasa la pili anakuna kichwa na unga mweupe unadondoka kwenye kola ya shati la shule. Mzazi anakwenda dukani, anaomba "shampuu ya mba", anaosha wiki mbili, unga unapungua. Mwezi unaofuata kuna vipara viwili vya ukubwa wa shilingi na mdogo wake naye ameanza kukuna. Shampuu ilifanya kazi yake ipasavyo. Ugonjwa ndio haukuwa wa shampuu.

Mambo matatu yanaweza kutoa unga unaofanana kichwani, na kila moja lina tiba yake. Mba unaisha kwa shampuu. Mapunye, yaani fangasi walioingia ndani ya unywele, hayatibiki kwa shampuu, yanahitaji dawa ya kumeza. Soriasisi haiambukizi na haisababishwi na fangasi, ila inadumu kwa muda mrefu na inahitaji dawa za kulainisha magamba na kutuliza ngozi. Ndiyo maana kuchagua shampuu ni hatua ya mwisho. Kwanza utazame kichwa.

Hatua ya 1: Anza na umri

Kigezo hiki kinasahaulika kuliko vyote, hata kwenye maduka ya dawa. Mba unatokana na vijidudu aina ya hamira vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo. Tezi za mafuta za mtoto huwa zimelala kuanzia utotoni hadi anapokaribia kubalehe. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 hadi 9 hana mafuta ya kutosha kulisha mba wa kweli. Anayetoa unga kichwani katika umri huo, chukulia ni mapunye hadi utakapoona sababu ya kufikiri vingine. Kuanzia miaka 11 au 12, hasa akianza kutoa chunusi na harufu ya kwapa, mba unakuwa jambo la kawaida.

Kinyume chake nacho hutokea: mapunye ni nadra kwa mtu mzima. Ndiyo maana wazee husema yataisha yenyewe akikua. Mara nyingi ni kweli, lakini kabla ya hapo mtoto atakuwa ameambukiza nusu ya darasa, na sehemu zilizotunga usaha zinaweza kubaki na kovu lisiloota nywele tena.

Hatua ya 2: Andaa kichwa ukitazame

Usitazame kichwa kilichopakwa mafuta, maana mafuta yanaficha magamba na kuyafanya yaonekane kama uchafu. Kikae siku mbili bila mafuta, kisha mtoe mtoto nje kwenye mwanga wa jua la asubuhi, akae kwenye kigoda, na ufungue nywele kwa njia ya kitana.

Kwa Dodoma kuna mtego mmoja wa kuondoa kwanza. Maji ya visima vingi huku ni ya chumvi, na sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo haitoi povu vizuri. Inaacha utando mweupe unaokauka kichwani na kupukutika, hasa Juni hadi Agosti upepo mkavu unapovuma. Osha kichwa mara moja kwa shampuu ya kawaida badala ya sabuni ya kipande, na usuuze mwisho kwa lita 2 za maji ya mvua au ya kununua. Ukisubiri siku tatu na unga haujarudi, ulikuwa ni sabuni, na hakuna dawa ya kununua.

Hatua ya 3: Tazama nywele kabla ya ngozi

Watu hutazama unga, ilhali jibu mara nyingi liko kwenye nywele.

Kwenye mapunye nywele zinakatika. Fangasi huingia ndani ya unywele na kuulegeza, ukakatika ukiwa umetokeza kidogo tu, au ukakatikia pale pale unapotoka kwenye ngozi. Hapo unaona vitone vyeusi, kama mtu aliyetia nukta za kalamu. Kwa mtoto aliyenyolewa kipara, kama wanafunzi wengi wa shule zetu za msingi, tofauti hiyo ni ngumu kuiona siku ya kunyoa. Subiri siku saba hadi kumi: sehemu nzima itaota sawasawa, yenye mapunye itabaki na mabaka ya kijivu yenye magamba makavu. Halafu pitisha vidole nyuma ya shingo na nyuma ya masikio. Ukikuta vinundu vya tezi, vigumu kama punje za harage, pamoja na magamba na nywele zilizokatika, uwezekano wa mapunye ni mkubwa sana.

Kwenye mba nywele ni nzima. Unga ni laini, wa mafuta kidogo, umetapakaa kichwa chote bila mipaka, na unaweza kuukuta pia kwenye nyusi na pembeni ya pua. Tezi hazijavimba.

Kwenye soriasisi nywele nazo ni nzima, ila zinapita katikati ya gamba nene. Gamba lina mpaka unaoweza kuufuata kwa kidole, na mara nyingi linavuka mstari wa nywele na kushuka kwenye paji la uso au nyuma ya sikio. Vitabu vingi huonyesha ngozi nyekundu chini ya magamba ya rangi ya fedha. Kwenye ngozi nyeusi tegemea zambarau iliyokolea au kijivu. Ukishuku hilo, mvue mtoto shati. Tazama viwiko, magoti, kitovu na kucha. Kucha zenye vishimo vidogo kama zilizochomwa kwa ncha ya sindano ni ushahidi mzuri. Uliza pia kama aliumwa koo wiki mbili au tatu zilizopita, kwa sababu maambukizi ya koo huweza kuamsha soriasisi kwa watoto.

Kipara laini kabisa, chenye kung'aa, bila gamba hata moja, ni kitu kingine nje ya haya matatu. Na kama "unga" umenata kwenye unywele wenyewe na hautelezi ukiuvuta, hayo ni mayai ya chawa.

Mfano: mtoto wa miaka 8, kilo 22

Chukua mtoto wa Nkuhungu, hapa Dodoma, darasa la pili. Ana mabaka matatu utosini, kubwa kuliko yote lina upana wa sentimita 3, yana magamba ya kijivu na vitone vyeusi. Nyuma ya shingo upande wa kushoto kuna tezi mbili. Viwiko na kucha viko safi. Mama ametumia shampuu ya zinki kwa wiki tatu. Muwasho umepungua, mabaka yameongezeka kutoka moja hadi matatu. Alipakwa pia krimu ya mchanganyiko yenye dawa ya kutuliza uvimbe, na kwa siku mbili ilionekana kama imemponya.

Umri unasema mapunye, nywele zinasema mapunye, na tezi zinasema mapunye. Hayo mafanikio ya siku mbili nayo yanaelezeka: betamethasoni au klobetasoli iliyomo kwenye krimu za mchanganyiko hunyamazisha kinga ya ngozi. Muwasho unakoma, fangasi wanaendelea kula kwa raha. Krimu hiyo iachwe leo.

Apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na kama kuna maabara, waombe wachukue magamba na nywele chache zilizokatika. Fundi maabara atayaweka kwenye potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha ngozi na kuacha nyuzi za fangasi zionekane kwa darubini. Kipimo hiki ni rahisi, lakini mtu akioshwa kwa shampuu ya dawa jana yake kinaweza kutoa jibu la uongo. Acha shampuu hiyo kwa siku kadhaa kabla ya kwenda. Ile taa ya zambarau inayomulika fangasi isikuhakikishie kitu. Inawasha kijani kwa baadhi ya aina tu, na aina inayokaa ndani ya unywele na kutoa vitone vyeusi haiwaki.

Hatua ya 4: Kagua hesabu ya dawa ya kumeza

Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza kwa sababu hakuna krimu wala shampuu inayofika kwenye shina la unywele chini ya ngozi. Dawa huandikwa na daktari au tabibu, ila mzazi anapaswa kujua hesabu, maana kosa kubwa ni kupewa kidogo kwa siku chache.

Griseofulvini huhesabiwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa kilo 22 ni kati ya miligramu 330 na 440. Vidonge vitatu vya miligramu 125 vinafanya 375, vinaingia vizuri. Muda ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mtoto huyu anahitaji vidonge 126 kwa uchache. Ukitoka na pakiti ya vidonge 14, rudi dirishani uulize.

Terbinafini hesabu yake ni tofauti. Mtoto wa kilo 20 hadi 40 hupewa miligramu 125 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 250, kwa wiki 4 hivi. Hapo vidonge 14 ndivyo kamili. Ndiyo maana usilinganishe dozi ya mwanao na ya jirani kabla hamjasoma jina kwenye pakiti.

Griseofulvini haipiti vizuri tumboni bila mafuta. Ikimezwa na chai ya rangi asubuhi, sehemu kubwa inapotea bure, na mzazi anadhani fangasi ni sugu. Huku kwetu suluhisho liko jikoni: mpe mara baada ya ugali na mlenda wa karanga, au kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta, au mboga iliyoungwa vizuri kwa mafuta ya alizeti. Dawa hii pia hufanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, basi avae kofia. Mwenye ugonjwa wa ini asipewe, na daktari aambiwe dawa nyingine anazotumia.

Vidonge vya ketokonazoli, vinavyofanana jina na shampuu, visitumike kwa mapunye. Vinaweza kuumiza ini vibaya, na Ulaya viliondolewa kwenye matibabu ya fangasi wa ngozi na nywele mwaka 2013. Shampuu yake haina tatizo hilo kwa sababu inasuuzwa.

Siku chache baada ya kuanza dawa, baadhi ya watoto hutoka vipele vidogo vinavyowasha masikioni, usoni na kifuani. Wazazi wengi huacha dawa wakidhani imemkataa. Mara nyingi ni mwili unaitikia fangasi wanaokufa, na dawa inapaswa kuendelea. Mpeleke aonekane hata hivyo. Na kama kuna homa, vidonda mdomoni, au uso kuvimba, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Sasa chagua shampuu

Geuza chupa. Mbele wameandika maneno makubwa ya kuuzia. Kinachokuhusu ni jina la kiungo na asilimia yake, kwa herufi ndogo nyuma. Yameandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti yanasikika karibu kama haya.

Kama ni mapunye, tafuta ketokonazoli asilimia 2 au seleniamu salfaidi asilimia 2.5. Kazi yake hapa ni kuua mbegu za fangasi zilizo juu ya nywele ili mtoto asiambukize wengine, wakati dawa ya kumeza inafanya kazi chini. Tumia mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatano na Jumapili, kwa wiki zote za dawa.

Kama ni mba wa kijana, anza na zinki pirithioni asilimia 1, ambayo ni rahisi kupatikana. Ikishindwa baada ya mwezi, panda ketokonazoli asilimia 2: mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kila wiki au mbili ili usirudi. Msichana mwenye nywele kavu zilizosukwa aoshe mara moja kwa wiki, vinginevyo nywele zitakatika kwa ukavu na mtaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Na mafuta ya nazi yasipakwe kwenye ngozi ya kichwa chenye mba. Hicho ni chakula cha vijidudu vile. Paka kwenye nywele zenyewe, kuanzia katikati hadi nchani.

Kama ni soriasisi, shampuu za fangasi hazitasaidia sana. Inayofaa ni ya lami ya makaa ya mawe, mara mbili kwa wiki. Ina harufu ya lami mpya ya barabara na inachafua mito, basi tandika taulo kuukuu. Lakini haipenyi gamba nene, kwa hiyo gamba lilainishwe kwanza: usiku paka mafuta ya nazi yaliyopashwa vuguvugu, funga kitambaa, asubuhi osha, kisha pitisha kitana taratibu sambamba na ngozi. Usibandue kwa kucha. Soriasisi ina tabia ya kuota pale ngozi inapojeruhiwa, na misuko ya kubana sana inaleta madhara hayohayo. Dawa yenye asidi ya salisili na losheni ya betamethasoni ziandikwe na daktari, pamoja na idadi ya siku. Vidonge vya steroidi, yaani jamii ya betamethasoni, visikubaliwe kirahisi kwa soriasisi, maana vikiachwa ugonjwa huweza kulipuka upya kwa ukali zaidi.

Hatua ya 6: Osha kwa saa, si kwa makadirio

Shampuu ya dawa iliyosuuzwa baada ya sekunde ishirini ni sabuni ya bei ghali. Lowesha kichwa. Pima kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kinachotosha kichwa kilichonyolewa. Nywele ndefu zinahitaji vijiko viwili. Paka kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kucha. Tazama saa: dakika 5 kwa ketokonazoli, zinki na lami, dakika 3 kwa seleniamu. Mtoto ashike kitambaa machoni. Halafu suuza hadi kichwa kisiteleze tena. Povu likiwa haba kwa sababu ya maji ya chumvi, usiongeze dawa. Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida, suuza, ndipo upake ya dawa.

Seleniamu usipake penye kidonda, na vua heleni za fedha kwanza kwa sababu zitageuka nyeusi.

Hatua ya 7: Mashine ya kinyozi na wanaolala kitanda kimoja

Mtoto wa Nkuhungu akimeza dawa wiki nane na kunyolewa kila Jumamosi kwa mashine isiyosafishwa, atarudi alikotoka. Kuifuta mashine kwa spiriti hakutoshi, maana vinywele vilivyokatwa hubaki kati ya meno, na mbegu za fangasi zimo humo zikiwa hai. Kinyozi afungue meno, ayasugue kwa mswaki hadi vinywele vyote vitoke, ayaloweke dakika 10 kwenye kipimo kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia na vipimo tisa vya maji, asuuze, akaushe, atie mafuta ya mashine. Asiposuuza na kutia mafuta meno yatapata kutu, naye hatarudia tena. Rahisi kuliko yote ni kununua mashine ya nyumbani au wembe mpya kwa kila kichwa.

Kagua kichwa cha kila anayelala naye. Wenye magamba wapimwe; wasio na dalili, hata watu wazima, waoshwe kwa shampuu ileile mara mbili kwa wiki kwa wiki 4, kwa sababu mtu anaweza kubeba fangasi bila kuwashwa. Kofia, kitana, hijabu na foronya ziwe za kila mtu na zake, zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Shuleni aendelee kwenda, ilimradi ameanza dawa ya kumeza na shampuu. Mwenye soriasisi au mba hana sababu yoyote ya kutengwa. Mwalimu aelezwe hivyo waziwazi.

Uvimbe laini wenye usaha

Wakati mwingine mapunye huvimba ghafla, yakawa donge laini kama embe lililoiva, linatoa usaha, tezi zimejaa na mtoto ana homa. Linaonekana kama jipu, lakini lisipasuliwe. Usaha huo unatokana na kinga ya mwili kupambana na fangasi. Ukipasua unaongeza kovu, na ukitoa antibayotiki peke yake hakuna kinachobadilika. Tiba kuu ni ileile ya kumeza, ianze haraka, siku hiyohiyo ikiwezekana. Kitunguu saumu kilichopondwa, mafuta ya taa au maji ya betri huunguza ngozi ya donge hilo na kugeuza upara wa muda kuwa wa kudumu.

Kurudi kuangaliwa

Wiki ya 4, mrudishe mtoto juani kwenye kigoda kilekile. Magamba yanapaswa kuwa yamepungua sana, tezi zimenywea, na vitone vyeusi vipya visiwepo. Nywele zisikutie wasiwasi bado, zinahitaji miezi kadhaa. Kama kuna vitone vipya, uliza maswali kwa mpangilio huu kabla ya kubadilisha dawa: dozi ilihesabiwa kwa uzito wake? Alimeza na chakula chenye mafuta? Aliruka siku ngapi? Nani mwingine nyumbani anakuna? Yote yakiwa sawa na bado vitone vinatoka, ndipo kipimo cha maabara kirudiwe na daktari afikirie dawa nyingine.